Rasimu Nne, Andiko Moja: Namna ya Kuunganisha Maandishi ya Waandishi Mbalimbali



Maandiko mengi ya miradi yanayopita mikononi mwetu huandikwa na watu zaidi ya mmoja. Katibu wa kamati huandika utangulizi, mwalimu huandika hali halisi ya kijiji, mtunza hazina huandaa bajeti, na wenzao wa upande wa pili huleta kurasa zao kwenye flashi siku ya mwisho. Kisha mtu mmoja hupewa kazi ya kuyaunganisha. Mara nyingi anachofanya ni kubandika sehemu moja chini ya nyingine na kuchapa. Andiko likifika kwa mfadhili huonekana kama nguo yenye viraka: herufi kubwa huku, herufi ndogo kule, vichwa vya habari vya kila namna, na jina la kijiji kimoja limeandikwa kwa njia tatu.

Katika toleo hili tunaeleza namna ya kufanya kazi hiyo vizuri. Tutatumia mfano wa andiko la mradi wa maji wa kamati ya Kiloleli na wenzao wa Bariadi, Mkoa wa Simiyu. Andiko lenyewe tumelitunga kwa ajili ya maelezo, lakini majina ya mahali na takwimu za sensa tutakazotaja ni za kweli. Programu tunayoitumia ni Microsoft Word, kwa kuwa ndiyo iliyo katika kompyuta nyingi za parokia.

Jambo kuu tunalotaka wasomaji walishike ni hili: tofauti kati ya rasimu ziko za ngazi tatu. Ya kwanza ni ya sura, yaani fonti na vichwa vya habari. Ya pili ni ya tahajia. Ya tatu ni ya maana, yaani majina na takwimu. Ngazi ya kwanza kompyuta inaweza kuimaliza karibu yote. Ya pili inaweza kusaidia, lakini kwa uangalizi. Ya tatu haiwezi kabisa, na ndiyo inayomfanya mfadhili ashuke imani na andiko. Kwa hiyo tunaanza na iliyo rahisi, ili macho yabaki huru kwa ile ngumu.

Kabla ya kugusa kompyuta

Kamati yetu ya mfano ina rasimu nne. Ya katibu imeandikwa kwa Times New Roman ukubwa wa 12, na vichwa vyake vyote ni herufi kubwa zilizokolezwa. Ya mwalimu ni Arial 11, vichwa vimepigiwa mstari na kupewa namba kwa mkono: 1.1, 1.2 na kuendelea. Ya mtunza hazina ni Calibri 11, na vichwa vina rangi ya buluu ambayo Word huiweka yenyewe. Ya wenzetu wa Bariadi ni Tahoma 10, na badala ya vichwa wametumia (a), (b), na cha tatu kimegeuka kuwa ©. Hilo la mwisho huwashangaza wengi. Ukiandika herufi c kati ya mabano mawili, Word huigeuza kuwa alama ya hakimiliki bila kukuuliza.

Hatua ya kwanza ni kumteua mhariri mmoja. Watu wawili wakiunganisha kwa wakati mmoja, zitazaliwa nakala mbili na kazi itaanza upya. Mhariri azihifadhi rasimu zote nne kama zilivyokuja, katika folda ambayo hataigusa tena. Siku ikitokea swali kwamba neno fulani limetoka wapi, jibu litakuwa humo.

Hatua ya pili ni kufungua kila rasimu na kuangalia kama ina masahihisho yaliyofichwa. Word ina kifaa kiitwacho Track Changes ambacho hutunza maneno yaliyofutwa na maoni ya pembeni. Mwandishi anaweza kuyaficha yasionekane kwenye kioo, lakini bado yamo ndani ya faili, na mfadhili akilifungua anaweza kuyaona. Nenda kwenye Review, chagua All Markup, kisha ukubali au ukatae kila sahihisho kabla ya kuendelea.

Hatua ya tatu ni kuandaa karatasi ya makubaliano. Ni ukurasa mmoja tu, unaoandikwa kwa kalamu kama hakuna umeme. Humo huandikwa fonti itakayotumika, ngazi za vichwa vya habari, namna ya kuandika fedha na namba, na orodha ya maneno na majina yanayoandikwa kwa njia tofauti. Waandishi wote wanne waione na kuikubali. Karatasi hii huokoa ugomvi, kwa sababu mhariri akibadilisha neno la mtu anaonyesha tulichokubaliana wote.

Ngazi ya kwanza: sura

Watu wengi hudhani kuwa kusawazisha sura ni kuchagua maandishi yote na kuyapa fonti moja. Ukifanya hivyo aya zitafanana kweli, lakini mara nyingi vichwa vya habari hubaki na ukubwa na mikazo tofauti, nafasi kati ya aya hubaki zilivyokuwa, na orodha ya yaliyomo haitatengenezeka. Sababu ni kwamba Word hutambua aya kwa mtindo wake. Kila aya ina jina la mtindo: Normal kwa maandishi ya kawaida, Heading 1 kwa kichwa kikuu, Heading 2 kwa kichwa kidogo. Mwandishi akikoleza mstari na kuukuza kwa mkono, kwa macho ya binadamu umekuwa kichwa cha habari, lakini kwa Word bado ni Normal iliyovaa nguo za sikukuu.

Namna ya kutambua ni rahisi. Bofya ndani ya kichwa cha habari, kisha tazama kisanduku cha mitindo kilichopo sehemu ya Home. Kikionyesha Normal, hicho si kichwa cha kweli. Katika mfano wetu, vichwa vya mtunza hazina peke yake ndivyo vya kweli.

Basi fungua faili jipya tupu. Bofya kwa kitufe cha kulia juu ya Normal, chagua Modify, na uweke fonti mliyokubaliana. Fanya vivyo hivyo kwa Heading 1 na Heading 2. Hapo mmeshona sare kabla ya wanafunzi kufika. Sasa leta rasimu moja moja, ukianza na ya katibu. Unapobandika, Word hukupa machaguo kadhaa, na kila moja lina gharama yake. Keep Source Formatting huleta kila kitu na nguo zake za zamani, na utajikuta ulikoanzia. Keep Text Only huvua kila kitu: maneno yaliyokolezwa hupotea, picha hupotea, na majedwali ya bajeti huvunjika yakawa maandishi matupu. Kwa rasimu zilizotengenezwa kwa mkono tunapendekeza Merge Formatting. Hili huyapa maandishi fonti ya faili jipya lakini huacha maneno yaliyokolezwa na ya mlazo, hivyo bado unaweza kuona wapi mwandishi alikusudia kichwa cha habari.

Kisha pita kutoka juu hadi chini. Kwenye kila kichwa kikuu weka kishale na ubonyeze Ctrl+Alt+1, kwenye kichwa kidogo Ctrl+Alt+2. Kama mstari umebaki na ukubwa au rangi ya zamani, uchague wote na ubonyeze Ctrl+Spacebar, ambayo huondoa mapambo ya herufi. Ctrl+Q huondoa mapambo ya aya, kama vile kusogezwa pembeni. Namba za vichwa zilizoandikwa kwa mkono zifutwe zote, kwa sababu 1.1 ya mwalimu haitakuwa tena 1.1 andiko likiunganishwa.

Zimebaki nafasi tupu. Waandishi wengi huacha nafasi kati ya aya kwa kubonyeza Enter mara mbili au tatu. Fungua Find and Replace na uandike hivi:

```
Find what:     ^p^p
Replace with:  ^p
```

Rudia mpaka aya tupu ziishe, kisha nafasi kati ya aya iwekwe ndani ya mtindo wa Normal wenyewe.

Jaribio la mwisho la ngazi hii ni orodha ya yaliyomo. Nenda kwenye References, chagua Table of Contents. Kichwa kisichotokea katika orodha bado ni cha uongo. Na kama aya nzima imejitokeza humo, ujue mahali fulani mtindo wa kichwa umewekwa pasipostahili.

Ngazi ya pili: tahajia

Tahajia ya Kiswahili sanifu nayo ilipatikana kwa makubaliano. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ilianza Kamati ya Lugha kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, ambayo kazi yake mojawapo ilikuwa kusawazisha tahajia katika vitabu. Kamati ya parokia inafanya jambo lile lile kwa udogo wake: inachagua umbo moja na kulishika mpaka ukurasa wa mwisho. Chagueni kamusi moja iwe mwamuzi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, inapatikana katika shule nyingi.

Katika mfano wetu, mwandishi mmoja ameandika "ng'ombe", mwingine "ngombe", na wa tatu ametumia alama nyingine kabisa, ile ya mshazari iliyo pembeni juu ya kibodi. Wengine wameandika "kwasababu" kama neno moja, au "wanao tumia" kama maneno mawili. Makosa ya namna hii yanaweza kurekebishwa kwa Replace All bila hatari, kwa sababu "ngombe" na "kwasababu" si maneno mengine ya Kiswahili. Hakuna kitakachoharibika.

Hatari iko kwa herufi r na l. Katika eneo letu, ambako wengi wetu tumekua tukisema Kisukuma, herufi hizi hubadilishana nafasi katika uandishi. Mwandishi akiandika "mahari pa kisima" badala ya "mahali pa kisima", kompyuta haitaona kosa, kwa kuwa mahari ni neno sahihi kabisa, ila ni la harusi. Vivyo hivyo "kura" na "kula". Ukiamuru "kula" zote ziwe "kura" kwa sababu katika sehemu moja wananchi walipiga kura ya kuchagua eneo, basi katika sehemu ya lishe watoto nao watakosa cha kula. Kwa maneno ya aina hii usitumie Replace All. Tumia Find Next, soma sentensi nzima, kisha uamue.

Mfano unaogusa mradi wenyewe ni neno "lambo". Mwandishi mmoja ameandika "lambo la mifugo", mwingine "rambo la mifugo". Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kufikiri rambo ni mfuko wa plastiki. Mwandishi wa tatu ameandika "bwawa". Hapo tumeshatoka kwenye tahajia na kuingia kwenye maana. Rasimu ya mwalimu inasema mradi utachimba malambo 3. Rasimu ya Bariadi inasema mabwawa 3. Je, mfadhili anaombwa 3 au 6? Mhariri hana ruhusa ya kuamua mwenyewe kwamba ni kitu kimoja. Huenda kila upande una matatu yake. Anapaswa kuuliza, na jibu liandikwe kwenye karatasi ya makubaliano: neno litakuwa "lambo" katika andiko lote, na idadi ni hii.

Ngazi ya tatu: majina na takwimu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Mkoa wa Shinyanga, na Busega ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Mwaka huo huo Itilima ilitengwa kutoka Bariadi ikawa wilaya. Andiko lolote linalonakili kurasa za zamani hubeba majina ya zamani. Ndiyo maana katika rasimu zetu katibu ameandika Kiloleli iko "Wilaya ya Magu", na wenzetu wa Bariadi wameandika "Mkoa wa Shinyanga".

Mhariri mwenye haraka ataamuru "Shinyanga" yote iwe "Simiyu". Kwa anwani ya leo ni sawa. Lakini sentensi isemayo "Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2002, Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga, ilikuwa na watu 605,509" ilikuwa sahihi, na sasa itakuwa imeharibika, kwa sababu mwaka 2002 hapakuwa na Mkoa wa Simiyu. Afisa anayeijua historia ya eneo ataona kosa mara moja, na ataanza kutilia shaka takwimu zilizobaki.

Tatizo kubwa zaidi liko mbele. Rasimu ya mwalimu inatoa idadi ya Bariadi kwa Sensa ya mwaka 2012: watu 422,916. Kila rasimu peke yake haina kosa. Zikiwekwa pamoja, msomaji ataona kwamba katika miaka 10 wilaya imepoteza watu 182,593. Mfadhili atauliza: watu wamekwenda wapi, na kwa nini tuchimbe maji mahali ambapo watu wanahama?

Hakuna aliyehama kwa wingi huo. Watu hao wamehesabiwa Itilima, ambayo mwaka 2012 ilikuwa na watu 313,900. Ukijumlisha Bariadi na Itilima unapata 736,816. Kwa mipaka ya zamani, basi, watu waliongezeka kwa 131,307. Andiko lililounganishwa vizuri litasema hivi: "Wilaya ya Bariadi ya zamani, iliyojumuisha Itilima, ilikuwa na watu 605,509 katika Sensa ya mwaka 2002, wakati huo ikiwa Mkoa wa Shinyanga. Katika Sensa ya mwaka 2012, wilaya hizi mbili, sasa zikiwa Mkoa wa Simiyu, zilikuwa na jumla ya watu 736,816." Sentensi mbili zimeondoa swali ambalo lingeweza kuukwamisha mradi wote. Na kosa lenyewe halikuwa la mwandishi yeyote. Lilizaliwa siku rasimu zilipokutana.

Majina ya vijiji na kata nayo yataka utaratibu. Gambosi huandikwa pia Gamboshi. Ikungulyabashashi wengine huikata maneno mawili. Kiloleli yenyewe si moja: iko ya Busega, iko nyingine Kishapu mkoani Shinyanga, na nyingine Sikonge mkoani Tabora. Kwa hiyo jina linapotajwa mara ya kwanza lifuatwe na wilaya yake, na tahajia ifuate ile inayotumiwa na halmashauri katika barua zake, ili andiko lilingane na viambatanisho.

Kwa upande wa fedha, angalieni nukta na mkato. Mwandishi mmoja anaandika 1,500,000, mwingine 1.500.000, na wa tatu "mil. 1.5". Katika nchi kama Ujerumani nukta hutenga maelfu na mkato hutenga desimali, kinyume cha kwetu. Mfadhili wa huko akikuta njia zote tatu katika andiko moja hawezi kuwa na hakika. Chagueni moja. Tunapendekeza mkato kwa maelfu, na neno Sh. mbele ya kiasi. Ardhi nayo iwe kwa kipimo kimoja: hekta moja ni karibu ekari 2.5, na anayesoma "40" bila kujua ni ya kipi atakosea zaidi ya maradufu.

Maswali yote ya ngazi hii mhariri ayaandike katika orodha: ukurasa, sentensi, swali, na jina la mwandishi anayepaswa kujibu. Asirekebishe takwimu ya mtu kimya kimya, hata akiamini anajua jibu.

Kabla ya kutuma

Chapeni nakala moja, na mtu ambaye hakuandika rasimu yoyote aisome kwa sauti mbele ya kamati. Sikio hukamata yale ambayo jicho limezoea. Mwingine ashike karatasi ya makubaliano na kuweka alama kila jina na kila namba inapotajwa. Jumla iliyoko kwenye utangulizi ilingane na jumla ya jedwali la bajeti. Hapa ndipo tofauti hujificha mara nyingi, kwa sababu katibu aliandika utangulizi kabla mtunza hazina hajamaliza hesabu.

Mwisho, bofya ndani ya orodha ya yaliyomo na uchague Update Table ili namba za kurasa ziwe sahihi, kisha uhifadhi nakala ya kutuma kama PDF. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti mliyotumia, huwekewa nyingine, na kurasa husogea. PDF hubaki kama ilivyo.

Kwa rasimu nne zenye kurasa kama 20 kwa jumla, tunashauri kamati itenge siku tatu: moja kwa sura na tahajia, moja ya kusubiri majibu ya waandishi, na moja ya kusoma kwa sauti. Anayepanga ratiba ya mradi aihesabu kazi hii tangu mwanzo, na tarehe ya mwisho ya kupokea rasimu iwe siku tatu kabla ya ile ya kutuma. Karatasi ya makubaliano itunzwe katika faili la kamati, kwa sababu ripoti ya robo mwaka itakapoandikwa, majina na vipimo vitapaswa kufanana na vile vya andiko la kwanza.